Kujumlisha na Kutoa Namba Hasi: Tembea Juu ya Mstari wa Namba

Katika mtihani wa Hisabati wa Kidato cha Nne ni nadra kukuta swali linalokuuliza tu −3 − 5 ni ngapi. Hesabu hiyo hujificha ndani ya maswali mengine. Unatafuta mteremko wa mstari, unatoa vekta moja kutoka kwa nyingine, unajumlisha matriksi mbili, au unahamisha namba kwenda upande wa pili wa mlinganyo, na katikati ya kazi unakutana na −3 − 5. Ukiandika 8 pale, kanuni uliyoikariri vizuri haitakuokoa. Kila mstari unaofuata utajengwa juu ya 8 isiyo sahihi.

Sehemu hii imeandikwa kwa ajili ya mtahiniwa ambaye anajua kujumlisha na kutoa namba za kawaida, lakini zikiingia alama mbili za kutoa anaanza kubahatisha. Tutatumia picha moja tu, na kanuni moja ya kutembea juu yake. Usiendelee na sehemu inayofuata kabla hujaweza kufuata ile iliyotangulia kwa kidole chako juu ya picha.

Kuisoma Picha ya 1

Picha ya 1 ilipigwa kwenye baraza la darasa, huku Mapera wilayani Mbinga. Mstari mrefu umechorwa kwa chaki juu ya sakafu ya saruji, na juu yake kuna vistari kuanzia −10 hadi 10. Kutoka kistari hadi kistari ni hatua moja ya mtu. Mwanafunzi amesimama kwenye −3, uso wake ukielekea upande wa 10.

Kabla ya kuhesabu chochote kwenye picha ya aina hii, angalia mambo matatu.

Kwanza, tafuta 0, kisha tafuta 1. Upande ilipo 1 ndio upande wa namba chanya, na upande wa pili ni wa namba hasi. Kwenye picha yetu chanya ziko kulia. Usidhani tu kwamba kila picha itakuwa hivyo. Mtu akipiga picha akiwa amesimama upande wa pili wa mstari, namba zitaonekana kichwa chini na hasi zitakuwa kulia. Ikitokea hivyo, igeuze picha kwanza ndipo uanze kazi.

Pili, usipime kwa rula. Mpiga picha alisimama karibu na upande mmoja, kwa hiyo nafasi zilizo mbali naye zinaonekana fupi kuliko zilizo karibu. Sakafuni nafasi zote ni sawa. Hivyo basi tunahesabu nafasi, hatupimi sentimita.

Tatu, tofautisha vistari na nafasi. Kutoka −10 hadi 10 kuna vistari 21, lakini nafasi ni 20 tu. Anayetembea hatua 5 anavuka nafasi 5. Kistari alichosimama mwanzoni hakihesabiwi, kwa sababu hapo bado hajatembea.

Alama moja, kazi mbili

Chanzo cha mkanganyiko wa alama ni hiki: alama "−" ina kazi mbili tofauti, na huandikwa vilevile katika kazi zote mbili.

Kazi ya kwanza ni kutaja namba iko upande gani wa sifuri. Katika −3, alama hiyo ni sehemu ya jina la namba. Inakuambia kwamba unazungumzia kistari kilicho nafasi 3 kushoto mwa sifuri. Tuiite alama ya namba.

Kazi ya pili ni kuamuru tendo la kutoa. Katika 7 − 2, alama hiyo si jina la namba yoyote. Inakuambia utoe. Tuiite alama ya tendo.

Utazitofautishaje? Tazama kilicho kushoto kwa alama hiyo. Kama kuna namba iliyokamilika, au mabano yaliyofungwa, hiyo ni alama ya tendo. Kama hakuna kitu, au kuna alama nyingine ya tendo, au kuna mabano yaliyofunguliwa, hiyo ni alama ya namba.

Chukua −3 − 5. Alama ya kwanza haina kitu kushoto kwake, kwa hiyo ni ya namba: tunaanzia hasi tatu. Alama ya pili ina 3 kushoto kwake, kwa hiyo ni ya tendo: tunatoa. Namba 5 haina alama yake yenyewe, na namba isiyo na alama ni chanya. Kwa maneno, hesabu hii inasema: "hasi tatu, toa chanya tano."

Sasa chukua −3 − (−5). Alama ya kwanza ni ya namba, ya pili ni ya tendo, na ya tatu, iliyo ndani ya mabano, ni ya namba. Kwa maneno: "hasi tatu, toa hasi tano."

Zoea kuisoma hesabu hivi kwa maneno kabla ya kuifanya. Kwa namba usiseme "kutoa tatu", sema "hasi tatu". Kwa tendo usiseme "hasi", sema "toa". Ukiyachanganya maneno mdomoni, utazichanganya alama kwenye karatasi.

Kanuni ya kutembea

Sasa simama kwenye mstari. Kila hesabu ya kujumlisha au kutoa ina maagizo manne, nayo hufuatwa kwa mpangilio huu:

1. Simama kwenye namba ya kwanza.
2. Tendo linakuambia utazame wapi. Kujumlisha: tazama kulia. Kutoa: geuka, tazama kushoto.
3. Alama ya namba ya pili inakuambia utembeeje. Chanya: tembea mbele, kule unakotazama. Hasi: rudi kinyumenyume, bila kugeuza uso.
4. Ukubwa wa namba ya pili ndio idadi ya hatua. Kistari unachofikia ndilo jibu.

Ona kwamba tendo linaamua uso, na alama ya namba inaamua miguu. Kwa kuwa kazi hizo mbili zimetenganishwa, alama hazigongani tena.

*Mfano wa 1.* Tafuta −3 + 5.

Simama kwenye −3, kama mwanafunzi wa kwenye picha. Tendo ni kujumlisha, kwa hiyo tazama kulia. Namba 5 ni chanya, kwa hiyo tembea mbele hatua 5: −2, −1, 0, 1, 2. Jibu ni 2.

*Mfano wa 2.* Tafuta −3 − 5.

Simama kwenye −3. Tendo ni kutoa, kwa hiyo geuka utazame kushoto. Namba 5 ni chanya, kwa hiyo tembea mbele hatua 5: −4, −5, −6, −7, −8. Jibu ni −8.

*Mfano wa 3.* Tafuta 4 + (−6).

Simama kwenye 4. Tendo ni kujumlisha, kwa hiyo tazama kulia. Namba −6 ni hasi, kwa hiyo rudi kinyumenyume hatua 6: 3, 2, 1, 0, −1, −2. Jibu ni −2.

*Mfano wa 4.* Tafuta −3 − (−5).

Simama kwenye −3. Tendo ni kutoa, kwa hiyo geuka utazame kushoto. Namba −5 ni hasi, kwa hiyo rudi kinyumenyume hatua 5. Uso unatazama kushoto lakini mwili unakwenda kulia: −2, −1, 0, 1, 2. Jibu ni 2.

Linganisha Mfano wa 1 na wa 4. Mtembeaji alianzia mahali pamoja na kufika mahali pamoja, ingawa uso ulitazama pande tofauti. Ndiyo maana kutoa namba hasi kunaleta jibu lilelile la kujumlisha namba chanya ya ukubwa huo: −3 − (−5) = −3 + 5. Hii si kanuni mpya ya kukariri, kwa sababu umeiona miguuni mwako.

Hesabu ikiwa ndefu, fanya tendo moja moja kuanzia kushoto, na kila jibu liwe mahali pa kusimama kwa safari inayofuata.

*Mfano wa 5.* Tafuta −4 + 9 − 7 − (−3).

Kutoka −4, mbele kulia hatua 9, unafika 5. Kutoka 5, mbele kushoto hatua 7, unafika −2. Kutoka −2, tazama kushoto na rudi kinyumenyume hatua 3, unafika 1. Jibu ni 1.

Kwa nini kutoa hasi kunaongeza

Pengine unaona kwamba kanuni inafanya kazi lakini bado unajiuliza kwa nini iwe hivyo. Fikiria mkulima wa kahawa aliyechukua mbolea kwa mkopo kwenye chama chake cha ushirika. Fedha zake chamani ni deni la shilingi elfu 50, tuandike −50. Wakati wa kukagua daftari ikaonekana kwamba elfu 20 kati ya deni hilo liliandikwa kimakosa, nalo likafutwa. Kufuta ni kutoa, na kilichotolewa ni deni, yaani −20. Hesabu ni −50 − (−20). Hakuna aliyempa mkulima fedha taslimu, lakini hali yake imepanda: sasa anadaiwa elfu 30 tu. Kwa hiyo −50 − (−20) = −30, na hilo ndilo jibu la −50 + 20.

Kuna pia sababu ya kihisabati, nayo itakufaa kama njia ya kuhakiki jibu. Kutoa ni kurudisha nyuma kilichojumlishwa. Tunaposema 9 − 4 = 5, tunamaanisha kwamba 5 ukijumlisha 4 unarudi kwenye 9. Kutoa namba hasi lazima kufuate sheria hiyohiyo. Kwa hiyo baada ya kutoa, chukua jibu lako, jumlisha namba uliyoitoa, na uone kama unarudi ulipoanzia.

Hakiki Mfano wa 4: jibu ni 2, namba iliyotolewa ni −5. Je, 2 + (−5) ni −3? Simama kwenye 2, tazama kulia, rudi kinyumenyume hatua 5: 1, 0, −1, −2, −3. Ndiyo. Kama ungekuwa umeandika −8, ungepata −8 + (−5) = −13, na papo hapo ungejua kwamba umepotea.

Makosa manne na jinsi ya kuyatambua

Jibu lisilo sahihi mara nyingi linaonyesha kosa lilipoingia. Haya hapa majibu manne ambayo walimu huyaona mara kwa mara kwenye madaftari. Ukiwa na daftari lako la majaribio, lifungue uone lipi ni lako.

Kosa la kwanza: −3 − 5 = 8. Aliyeandika hivi amekumbuka maneno "hasi na hasi ni chanya". Maneno hayo ni ya kuzidisha na kugawanya: (−3) × (−5) = 15. Hapa hakuna kuzidisha. Isitoshe, katika −3 − 5 hakuna hata hasi mbili. Kuna hasi moja na tendo moja la kutoa. Juu ya mstari kosa linaonekana wazi: mtu aliyesimama kushoto mwa sifuri, akatembea kushoto zaidi, hawezi kutokea upande wa kulia.

Kosa la pili: −6 + 4 = −10. Huyu amejumlisha 6 na 4 kwanza, kisha akaweka alama ya hasi mbele, kana kwamba alama hiyo ni ya hesabu nzima. Alama ile ni ya 6 peke yake. Simama kwenye −6, tazama kulia, tembea mbele hatua 4: −5, −4, −3, −2. Jibu ni −2. Aliyeandika −10 amekwenda kushoto wakati tendo la kujumlisha na namba chanya vilimpeleka kulia.

Kosa la tatu: 4 − (−3) = 1. Hapa alama moja imepotea. Mwandishi aliona alama mbili zikifuatana, akadhani moja inatosha, akafanya 4 − 3. Uso uligeuka kushoto sawasawa, lakini miguu ilikwenda mbele badala ya kurudi kinyumenyume. Jibu sahihi ni 7. Ili usipoteze alama, usiondoe mabano mpaka uwe umeamua uso na miguu.

Kosa la nne: −4 + 6 = 1. Huyu hana tatizo la alama kabisa. Mwelekeo wake ni sahihi, lakini amehesabu vistari badala ya nafasi. Akiwa kwenye −4 alisema "moja", kwenye −3 "mbili", na aliposema "sita" alikuwa kwenye 1. Hatua ya kwanza humfikisha mtu kwenye −3, si kwenye −4. Jibu sahihi ni 2. Kama majibu yako yanapungua au kuzidi kwa 1 kila mara, tatizo lako ni hili, na kukariri kanuni za alama hakutalitibu.

Namba zikizidi mstari: pitia sifuri

Mstari wa barazani unaishia 10. Kwenye mtihani utakutana na namba kubwa zaidi, na huwezi kuchora vistari mia saba. Hapo chora mstari mtupu, weka 0, weka namba unayoanzia, na uigawe safari katika vipande viwili: kutoka ulipo hadi sifuri, na kutoka sifuri kwenda mbele.

Mfano mzuri tunao katika mkoa wetu. Shika kitabu chako na ukizungushe robo mzunguko kinyume cha mwendo wa mshale wa saa. Sasa mstari wa Picha ya 1 umesimama wima: chanya ziko juu, hasi ziko chini. Kulia kumekuwa juu, na kushoto kumekuwa chini. Mengine hayakubadilika.

Ukishuka kutoka milima ya Mbinga hadi Mbamba Bay, unafika kwenye uso wa Ziwa Nyasa. Tukichukua usawa wa bahari kuwa 0, uso wa ziwa uko takribani mita 474 juu yake. Sehemu ya ziwa yenye kina kikubwa kabisa ina kina cha takribani mita 706. Je, sakafu ya ziwa mahali hapo iko wapi kwenye mstari wetu?

*Mfano wa 6.* Tafuta 474 − 706.

Simama kwenye 474. Tendo ni kutoa, kwa hiyo tazama chini. Namba 706 ni chanya, kwa hiyo kwenda ni mbele. Kutoka 474 hadi 0 umetumia hatua 474. Zimebaki 706 − 474 = 232. Unaendelea kushuka chini ya sifuri hatua 232. Jibu ni −232.

Jibu hasi hapa lina maana halisi. Sakafu ya Ziwa Nyasa, mahali palipo na kina kikubwa, iko takribani mita 232 chini ya usawa wa bahari, ingawa ziwa lenyewe liko mbali na bahari na uso wake uko juu ya usawa huo.

Ziwa Tanganyika lina kina zaidi. Uso wake uko takribani mita 773 juu ya usawa wa bahari, na kina chake kikubwa ni takribani mita 1470. Kwa njia ileile, 773 − 1470: hatua 773 hadi sifuri, zinabaki 697, jibu ni −697.

*Mfano wa 7.* Sakafu ya Ziwa Nyasa iko juu ya sakafu ya Ziwa Tanganyika kwa mita ngapi?

Tunatoa kimo cha chini kutoka kwa kimo cha juu: −232 − (−697). Simama kwenye −232. Tendo ni kutoa, kwa hiyo tazama chini. Namba −697 ni hasi, kwa hiyo rudi kinyumenyume, yaani panda. Hatua 232 zinakufikisha sifuri. Zimebaki 697 − 232 = 465. Jibu ni mita 465.

Aliyepoteza alama moja angeandika −232 − 697 = −929. Mchoro unamsahihisha mara moja. Sakafu zote mbili ziko chini ya sifuri, na ile ya chini kabisa iko mita 697 tu kutoka sifuri, kwa hiyo umbali kati yao hauwezi kufika mita 929.

Namba hasi ndani ya swali la Kidato cha Nne

*Mfano wa 8.* Tafuta mteremko wa mstari unaopita kwenye A(−3, 5) na B(2, −4).

Mteremko ni badiliko la y kugawanya kwa badiliko la x. Andika namba zote ndani ya kanuni zikiwa na alama zake, na kila namba hasi inayotolewa iweke kwenye mabano:

m = (−4 − 5) / (2 − (−3))

Fanya sehemu ya juu peke yake. Simama kwenye −4, tazama kushoto, mbele hatua 5: jibu −9. Kisha sehemu ya chini. Simama kwenye 2, tazama kushoto, rudi kinyumenyume hatua 3: jibu 5. Kwa hiyo m = −9/5.

Mabano yale ya (−3) ndiyo yanayobeba swali zima. Aliyeandika 2 − 3 angepata −1 chini, na mteremko wake ungekuwa 9. Uhakiki wa haraka: kutoka A kwenda B, x inaongezeka na y inapungua, maana yake mstari unashuka kuelekea kulia. Mteremko wa mstari unaoshuka ni hasi, kwa hiyo 9 haiwezekani.

Hesabu hizohizo mbili zinajibu pia swali la vekta. Vekta kutoka A hadi B ni (2 − (−3), −4 − 5), yaani (5, −9).

Zoezi

Kwa kila swali, sema kwanza kwa maneno, kisha taja uso na miguu, ndipo uandike jibu.

1. −7 + 3
2. −2 − 6
3. 5 − 9
4. −4 − (−10)
5. 3 + (−8)
6. −1 − 5 + 8 − (−2)
7. Mvuvi ameshusha wavu mita 18 chini ya uso wa ziwa. Akauinua mita 11, kisha akaushusha tena mita 6. Ukichukua uso wa ziwa kuwa 0, wavu uko wapi sasa?
8. Tafuta mteremko wa mstari unaopita kwenye P(4, −1) na Q(−2, −7).

Majibu

1. −4. Uso kulia, mbele hatua 3.
2. −8. Uso kushoto, mbele hatua 6. Ukiandika 8 au 4, rudi kwenye Mfano wa 2.
3. −4. Uso kushoto, mbele hatua 9. Hatua 5 hadi sifuri na 4 zaidi.
4. 6. Uso kushoto, kinyumenyume hatua 10. Uhakiki: 6 + (−10) = −4.
5. −5. Uso kulia, kinyumenyume hatua 8.
6. 4. Kutoka −1 hadi −6, kisha 2, kisha 4.
7. −18 + 11 − 6 = −13. Wavu uko mita 13 chini ya uso wa ziwa.
8. Juu: −7 − (−1) = −6. Chini: −2 − 4 = −6. Mteremko ni (−6)/(−6) = 1. Hapa, mwishoni, ndipo "hasi na hasi ni chanya" inapotumika, kwa sababu sasa tunagawanya. Katika mistari miwili iliyotangulia tulikuwa tunatoa, na kule kanuni hiyo haikuwa na kazi.